Kiingilio cha mwalo si ruhusa ya picha

"Mgeni ameshalipa ofisini na mwongozaji yuko naye. Kuna haja gani tena ya kumwomba ruhusa kila mama anayeanika dagaa?"

Wenye kuuliza hivi wana hoja, na mara nyingi ndio wanaoufahamu mwalo, ufukwe wanakoshusha samaki wavuvi, kuliko wakosoaji wao. Pesa ikilipwa mahali pamoja, ikaandikiwa risiti na kuingia kwenye mfuko wa mtaa au wa kikundi, inaonekana na inaulizika. Ikilipwa mkononi kwa kila anayepigwa picha, ndani ya msimu mmoja watoto wanaacha kucheza na kuanza kujipanga mbele ya kamera, na mwenye nguo ya kuvutia anapata kuliko mwenye kazi. Upande huu unaongeza jambo la muda: ukisimama kuomba kwa watu ishirini, ziara ya saa moja inageuka mkutano. Na picha ya mtu aliyeombwa, wanasema, ni ya mtu aliyesimama wima akitazama kamera. Kazi yenyewe haionekani tena.

Hoja ya pesa naikubali yote. Ya muda naikubali nusu. Kinachonishinda ni kuona risiti ya ofisini ikihesabiwa kuwa ni idhini ya mtu ambaye hakuwepo ofisini.

Tuchukue mwalo kama Katonga, karibu na Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, asubuhi. Wageni sita na mwongozaji wao wamelipa, tuseme, shilingi 10,000 kila mmoja. Mwenyekiti wa mtaa amewakaribisha na kitabu cha wageni kimesainiwa. Kwa fedha hiyo wamepata njia ya kupita, maelezo na ukarimu. Wanashuka ufukweni. Vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa usiku kwa taa, vimerudi alfajiri, dagaa wameshanunuliwa kwa beseni, na akina mama wanawatandaza, wengine juu ya chanja, wengine bado kwenye mchanga. Jua likiwa kali mzigo unaweza kukauka siku hiyo hiyo, lakini mawingu yakifunga au mvua ikinyesha, mtaji wa mtu unaharibika mbele ya macho yake. Ndiyo maana saa ya kutandaza ni saa mbaya ya kumsimamisha mtu. Mama ameinama, kanga imelegea, mikono ina magamba. Hapo ndipo kamera sita zinapoinuliwa.

Mama huyo akisema "msinipige", atasikia kwa mwongozaji kwamba wageni wamelipa. Yeye hajui wamelipa nini wala kwa nani. Tabia yake itaitwa tamaa: anataka chake. Huenda kweli anataka chake, na sioni aibu yoyote hapo, lakini zipo sababu nyingine ambazo haulizwi. Dagaa wa mchangani huuzwa kwa bei ya chini kuliko wa chanja kwa sababu mnunuzi anaogopa mchanga. Picha ya mzigo wake ukiwa mchangani, ikizunguka mtandaoni pamoja na maneno ya kuhurumia umaskini, ni tangazo baya la biashara yake. Anaweza pia kuwa hataki mwili wake ulioinama utazamwe na watu asiowajua. Ujiji na vitongoji vyake ni mji wa Waislamu wengi, na mwanamke anayejisitiri akipita njiani hapotezi haki hiyo kwa sababu kazi imemlazimu kuinama. Au ana mdai ambaye hakupaswa kujua kwamba leo mzigo umeingia. Yoyote kati ya sababu hizi inatosha kwa "hapana" yake, na hana wajibu wa kuieleza.

Ajabu ni kwamba wageni hawa hawa, kama wametokea hifadhi ya sokwe ya Mahale juzi, wametii masharti magumu zaidi bila kunung'unika: barakoa usoni, mita 10 kati yao na sokwe, saa 1 tu, watu wasiozidi sita. Hakuna aliyesema kwamba ada ya hifadhi inamruhusu kumsogelea sokwe hadi puani. Wakifika kwa binadamu mwaloni, umbali unafutika.

Basi maneno yenyewe yaweje? Vijitabu vingi vya misemo humfundisha mgeni aseme "Jambo" halafu "Naweza kuchukua picha?" Kosa lake si la kisarufi tu, ingawa kwetu picha hupigwa. Swali la "naweza" halimtaji anayepigwa, halimpi heshima ya umri wake, halisemi picha inakwenda wapi, na jibu lake la asili ni "unaweza", yaani kamera inafanya kazi. Ombi lenye adabu lina vipande vinne, na mpangilio wake una sababu.

Kwanza salamu. "Shikamoo mama" kwa aliyekuzidi umri, kisha "Pole na kazi" kwa sababu umemkuta kazini. Kijijini kwa Waha, "Mwakeye" ya asubuhi itamfanya ainue kichwa na kucheka, na atakuwa amekuona kabla ya kuiona kamera. Kamera wakati huo iwe imeshushwa, lenzi ikitazama chini. Kipande cha pili ni ombi: "Naomba ruhusa nikupige picha." Wakiwa wengi, "niwapige picha", na hapo kila mmoja ajibu kwa nafsi yake. La tatu ni matumizi, na liwe moja tu kati ya haya: "Nitabaki nayo mwenyewe", "Nitaiweka mtandaoni", au "Itatumika kwenye tangazo la biashara." La nne ndilo linaloachwa karibu kila mahali: "Ukikataa si neno, hatutachukia."

Hilo la nne nalitetea kwa nguvu zote. Mila zetu zinafanya iwe vigumu kumkatalia mgeni usoni, hasa mgeni aliyeletwa na mtu wa mtaani kwako. Kwa hiyo ombi lisilo na njia ya kukataa linapata "haya" ya adabu, na mwongozaji anaiandika kuwa ndiyo. Wanaoujua mwalo wanaitambua hapana iliyovaa nguo ya ndiyo. "Baadaye" na "kesho" ni hapana. Kicheko huku kanga ikivutwa usoni ni hapana. Kunyamaza na kuendelea kutandaza ni hapana. "Karibu" ni ukaribisho wa mtu, haihusu kamera. Lakini "subiri kwanza", huku akijifunga kanga vizuri na kufuta mikono, hiyo ni ndiyo, na mgeni anayebonyeza kabla hajamaliza kujiweka sawa ameiharibu ruhusa aliyopewa.

Hakuna mgeni atakayekariri vipande vyote vinne kati ya bandari na Katonga. Ajifunze salamu na ombi, mawili hayo yanatosha ulimini. Matumizi na njia ya kukataa viandikwe kwenye kadi ngumu, upande mmoja Kiswahili kwa herufi kubwa, upande wa pili lugha ya mgeni, na mwongozaji amsomee mama kwa sauti. Asome tu, asijibu kwa niaba yake, na asimalizie kwa "si ndiyo mama?" Kuhusu muda, salamu na kadi havimalizi hata dakika mbili. Mgeni asiye na dakika hizo apige ziwa na mitumbwi, havina neno.

Na ile hofu kwamba kazi haitaonekana? Omba kwanza, kisha mwache arudi kwenye kutandaza. Baada ya muda mfupi anasahau kamera, na picha unayopata ni ya kazi ile ile, ila mwenye nayo anajua.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye fomu. Baadhi ya wapiga picha wa biashara huja na karatasi iliyofasiriwa neno kwa neno kutoka mkataba wa nje: "Mimi niliyesaini hapa chini ninatoa haki zisizoweza kubatilishwa, duniani kote, kwa vyombo vyote vilivyopo na vitakavyobuniwa." Kila neno ni la Kiswahili na hakuna mtu mwaloni atakayeielewa. Mama anaweka dole gumba kwa sababu wino umeletwa na mwongozaji amesimama. Karatasi ya namna hiyo haimheshimu, na pia inapingana na sheria ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu aliyetoa ridhaa haki ya kuiondoa. Neno "zisizoweza kubatilishwa" linamwambia kinyume chake. Sheria hiyo hailengi picha ya kumbukumbu anayobaki nayo mgeni nyumbani kwake, ndiyo maana sentensi ya matumizi ina uzito kuliko inavyoonekana: kati ya "nitabaki nayo" na "itatumika kwenye tangazo" mtu anavuka mpaka.

Fomu ya haki inaweza kuwa na mistari mitano: "Nimekubali kupigwa picha leo. Nimeambiwa itatumika kwenye ... Nimeonyeshwa picha yenyewe. Nikibadili mawazo nitapiga simu namba ... na picha itaondolewa. Fomu hii nimesomewa kwa Kiswahili." Mstari wa tatu usirukwe. Mtu aliyeiona picha kwenye kioo cha kamera anajua anachokubali, na kama kanga ilikuwa imelegea ataomba ipigwe nyingine.

Kwa mtoto mambo ni mafupi. Aliye chini ya miaka 18 hatoi ruhusa mwenyewe, sheria inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi nyeti linalotaka ridhaa ya maandishi, na mwongozaji si mzazi. Mwalimu mkuu naye si mzazi. Akikosekana mzazi, picha haipo.

Pesa ibaki pale wenye kiingilio wanapotaka iwe: kwenye sanduku moja. Ila kikundi cha wanaoanika kiwe na fungu lake kwenye kiingilio, litajwe kwenye risiti, ili ruhusa ya mtu isibaki kuwa ndiyo njia pekee aliyo nayo ya kupata chochote. Mwongozaji akiulizwa "na mimi?", awe na jibu la kweli. Na mgeni anayemsukumia mama noti baada ya "hapana" hajamlipa, amemwuliza tena, safari hii kwa njia isiyokatalika kirahisi.

Kuratibu ziara nako kunapunguza ugomvi. Uvuvi wa dagaa ni wa taa, kwa hiyo siku za mbalamwezi vipe hupumzika na mwalo unakuwa mtupu. Mgeni aliyeletwa siku hizo hukimbilia kupiga watu kwa kuwa samaki hawapo. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na aliyeuza ziara ya kuanika dagaa ndani ya miezi hiyo aliuza kisichokuwepo. Saa nzuri ni baada ya dagaa kutandazwa na kabla ya kugeuzwa, akina mama wakiwa wamekaa kivulini na wana nafasi ya kujibu.

Kuondoa ridhaa kuna kikomo chake, na kisemwe kwenye kadi. Picha iliyo mtandaoni kwenye ukurasa wa kampuni inaweza kushushwa siku simu inapopigwa. Iliyochapwa kwenye vipeperushi vilivyogawiwa hairudi. Kinachowezekana ni kutoitumia kwenye toleo linalofuata. Kwa hiyo namba iliyo kwenye fomu iwe ya simu ya ofisi inayopokelewa, kwa sababu mwongozaji wa leo huenda msimu ujao yuko Arusha.