Bosi, Mimi na Kitufe cha Kengele

Yaani kumsalimia bosi mara ya kwanza asubuhi hakuna shida, unatoa shikamoo yako, anaitikia marahaba, hujambo, sijambo, mnapishana kila mtu na safari yake. Shida ni mkikutana tena kabla hata jasho la kwanza halijakauka. Hapo shikamoo ishatumika, huwezi kuitoa tena, na ukikaa kimya unaonekana una dharau.

Sasa siku hiyo nilishamsalimia koridoni na kwa kweli nilimsalimia vizuri tu. Korido yetu ni ndefu, kwa hiyo mtu unamwona kuanzia kule mwisho, na ukianza mapema itabidi upige kelele, ukichelewa ameshakupita, basi katikati hapo unajifanya unasoma matangazo ya ukutani hata kama ni yale yale ya mwaka juzi. Nikasubiri mpaka zimebaki hatua kama tano, nikainua kichwa kama nimeshtuka vile, shikamoo bosi. Marahaba. Kazi imeisha, nikaenda zangu chini kuchukua makaratasi.

Narudi, naingia kwenye lifti, mlango unakaribia kufunga, mkono unaingia katikati, mlango unarudi. Bosi. Peke yake. Mdomo wangu ukatangulia kabla ya akili, "Shikamoo bosi!"

Akaniangalia kidogo. "Si tumeshasalimiana?"

"Ndiyo bosi. Za tangu saa ile?"

"Nzuri."

"Nyumbani hawajambo?"

"Sijarudi nyumbani."

Jamani. Akabonyeza 8, akasimama katikati anaangalia zile namba za juu ya mlango, na mimi nikaangalia namba, maana kwenye lifti hata usipokuwa na kazi namba zipo. 1. 2. Ilipofika 3 ikapita moja kwa moja na ndo nikakumbuka mimi nashuka 3 na sijabonyeza chochote, muda wote nilikuwa nashughulika kuuliza hali za watu wa nyumbani ambao mzee kaachana nao saa mbili zilizopita.

Hapo mtu mwenye akili angesema tu samahani bosi nimepitiliza. Mimi nikaona aibu, nikasema nibonyeze 7 kimyakimya nishuke kama nina shughuli huko halafu nirudi kwa ngazi. Ila vile vitufe viko upande wake, kwa hiyo nikapitisha mkono nyuma ya mgongo wake bila kuangalia, nikapapasa, nikapata kimoja kule chini kabisa, nikabonyeza. Hakikuwaka taa. Nikabonyeza tena nikashikilia, si unajua mtu ukiona kitu hakiitikii unakandamiza zaidi.

Kilikuwa cha kengele, kile cha njano. Na lifti nyingi kile ukigusa kidogo kinalia tu, ila ukishikilia sekunde kadhaa kinapiga simu kwa mlinzi, wamekiweka hivyo ili mtu asipige kwa bahati mbaya. Mimi nilishikilia. Kengele ikalia, bosi akaruka, halafu kwenye vile vitundu vya spika sauti ikatoka, "Haloo! Mmekwama ghorofa ya ngapi? Mko wangapi humo?"

Kimya. Bosi ananiangalia mimi, mimi naangalia namba.

Bosi akainama kwenye vitundu, "Hatujakwama. Kuna kijana hapa alikuwa ananisalimia."

"Aaah, mzee wangu! Shikamoo!"

"Marahaba, za zamu?"

"Zamu shwari mzee. Na lile goti?"

"Goti linaendelea, ila ngazi bado."

Kumbe bosi ana goti! Mwaka mzima naulizia nyumbani, nyumbani, kumbe maongezi yako kwenye goti. Wale wawili wakapiga stori mpaka 8, mlango ukafunguka, bosi akaushikilia kwa mkono amalizie habari za daktari wa mazoezi, mlango ukaanza kulia piii kwa kuzuiwa muda mrefu na yeye wala. Mimi nimesimama kwenye kona na makaratasi yangu kifuani.

Mwishowe akatoka, akageuka, akaniambia kwa upole kabisa, "Haya kijana, kazi njema."

Nikajibu, "Marahaba."

Mlango ukafunga. Nimebaki peke yangu, lifti imetulia haiendi popote kwa sababu bado sijabonyeza namba, na kutoka kwenye spika nikasikia mtu anajizuia kucheka mpaka anakohoa.

"Kijana," akasema, "umemwitikia bosi marahaba?"

Sikujibu.

"Haya basi, bonyeza ya kwako. Siyo ya njano."