Faili Tupu la Dakika 140

Sisi walimu wa tuisheni tuna jibu moja la haraka kwa mwanafunzi aliyetuma faili tupu: "Halina kitu, tuma tena." Siku hizi naliona jibu hilo kuwa la uvivu. Mimi mwenyewe nimelitoa mara nne kwa mtoto mmoja, na mara zote nne alinitii.

Nilikuwa na wanafunzi 11 wa insha, wote kwa baruapepe. Kuanzia wiki ya tatu kikawa kinakuja kiambatisho cheupe kabisa, hakina kichwa cha habari wala nukta. Ujumbe haukuwa na salamu, na anwani ilikuwa mchanganyiko wa herufi na tarakimu. Ningeangalia tu ni nani hajaleta kazi ningemjua mapema, lakini wanafunzi wanne kati yao walikuwa mabingwa wa kuchelewa. Nikausingizia mtandao.

Siku moja nikaamua kulichunguza lile faili badala ya kulirudisha. Faili lililoharibika njiani mara nyingi huonyesha ukubwa wa 0 KB, au hukataa kufunguka. Hili lilifunguka vizuri na lilikuwa na 12 KB, ambao ni ukubwa wa kawaida wa ukurasa wa Word usio na neno hata moja. Kwa hiyo lilikuwa limehifadhiwa hivyo hivyo, tupu. Nikabonyeza Ctrl+A nione kama kuna maandishi meupe yaliyojificha kwenye weupe. Hakuna.

Kisha nikafungua File, nikaingia Info. Mbele ya Total Editing Time paliandikwa dakika 140.

Sasa, saa hiyo si shahidi wa kuaminika sana. Huhesabu muda ambao faili limefunguliwa, na haijui kama mtu anaandika au amesinzia juu ya kibodi. Lakini nikafungua mafaili matatu ya nyuma: 95, 110, 120. Hakuna mtu anayesinzia kwa mpangilio namna hiyo. Huyu alikuwa anaandika, anafuta, na usiku ukishakuwa mwingi anatuma kilichobaki, ambacho ni karatasi.

Sehemu ya Author ilikuwa na jina la mtu mzima nisiyemfundisha. Mara nyingi hilo huwa jina la mwenye kompyuta, si la aliyeandika, ila jina la ukoo nililifahamu. Ni la binti mmoja ambaye tukikutana kwa sauti husema "ndiyo, mwalimu" na "asante, mwalimu", basi. Anwani mpya ile, naamini, alijifungulia ili asijulikane, lakini asiwe pia amekosa kuleta kazi.

Nikarudi kutafuta kazi yake ya wiki ya pili, ile ya mwisho kuituma kwa jina lake. Ukurasa mmoja na nusu, na pembeni maoni yangu 27. Niliyahesabu mara mbili. Mengine yalikuwa ya haki, kama upatanisho wa ngeli uliopotea. Lakini matatu yalikuwa juu ya sentensi moja, na lile la tatu lilipinga nililosema katika la kwanza. Mtoto angefuata lipi? Alichagua njia pekee ya kutokosea.

Sikumwambia kwamba nimeziona dakika zake. Wapo watakaosema nilipaswa kumweleza, lakini kwangu kumwambia mtu mwenye haya kwamba umemchungulia akihangaika ni kumvua nguo. Nilimwandikia kwa anwani ile ile isiyo na jina: "Usitume insha. Niandikie sentensi moja uliyoifuta, humu humu kwenye ujumbe, usiiambatishe."

Siku mbili kimya. Ya tatu ikaja: "Bibi alikuwa anajua mvua kabla ya mawingu." Sikuirekebisha chochote. Nilimuuliza tu alijuaje.

Akaleta mistari minne. Nikamwomba inayofuata aiandike kwa kalamu ya wino na kuipiga picha, kwa sababu kwenye kompyuta kilichofutwa hakionekani tena, bali wino ukikatwa bado unasomeka. Nikaahidi maoni mawili, yasizidi. (Kuandika mawili kulinishinda kuliko 27. Ilinibidi nichague.)

Picha ilifika Alhamisi usiku, imeinama kidogo, kivuli cha mkono kimeangukia pembeni. Mistari 19, kati yake 14 imekatwa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, aliandika jina lake.

Nikaanza kusoma ile iliyokatwa.