Kufuta tanbihi si kusafisha data

Juma lililopita kijana mmoja ninayemwelekeza kazi hapa Mbeya aliniletea faili alilolihesabu kuwa limekwisha kusafishwa. Alikuwa amelitoa katika taarifa ya PDF ya ushuru wa mazao wa kata nne kwa mwezi mmoja, na safu ya fedha aliipa kichwa cha neno moja tu, `ushuru`. Kata ya kwanza ilikuwa na 845. Nilimwuliza, "845 ya nini, mwanangu?" Akanijibu, "Shilingi, mzee." Kata inayouza mahindi na kahawa haiwezi kukusanya shilingi 845 kwa mwezi. Tulipofungua taarifa ya asili tulikuta maneno "Sh. '000" yameandikwa juu ya jedwali, pembeni kulia, nje ya mistari yake, na kwa kuwa hayakuwa ndani ya seli yoyote, aliyaacha huko huko.

Kosa hilo angalau lilijionyesha lenyewe. Lililonikasirisha zaidi lilikuwa kata ya pili, iliyosomeka 6123. Katika taarifa ilikuwa 612, ikiwa na tarakimu ndogo ya 3 juu yake inayompeleka msomaji kwenye tanbihi ya tatu. PDF inaponakiliwa, ule udogo wa tarakimu hupotea, na alama hujipanga mwishoni mwa namba kana kwamba ni sehemu yake. Kata iliyokuwa ya mwisho kwa makusanyo ikawa ya kwanza.

Namna ya kuligundua ni kujumlisha upya na kulinganisha na jumla iliyochapishwa. Taarifa ilikuwa na 845, 612, 1,204 na 733, na jumla ya 3,394. Faili la kijana lilitoa 8,905. Tofauti ni 5,511. Igawanye kwa 9: utapata 612 na baki ya 3, yaani namba yenyewe na alama yake. Sababu ni kwamba alama ikibandikwa mwishoni, namba huzidishwa kwa 10 kisha alama ikaongezwa, kwa hiyo ziada ni mara 9 ya namba pamoja na alama. Njia hii hufaa pale namba moja tu imeharibika na alama ni kati ya 1 na 8. Zikiharibika mbili, hakuna njia ila kurudi kwenye karatasi na kusoma mstari kwa mstari. Kijana naye, kwa bahati mbaya, alikuwa ameifuta jumla iliyochapishwa kwa sababu aliiona ni marudio.

Alama ikiwa herufi, kwa mfano 612p, madhara huwa ya kimya zaidi. Seli hugeuka kuwa maandishi, fomula ya SUM huiruka bila kutoa onyo lolote, na jumla hutoka 2,782.

Nakubali, japo kwa shingo upande, kwamba alama haiwezi kubaki ndani ya seli ya namba, maana hesabu hazitafanyika. Lakini ihamishwe, isifutwe. Tuliishia hivi:

```
kata,ushuru_sh_elfu,alama
A,845,
B,612,3
C,1204,
D,733,
```

Maneno ya tanbihi yenyewe tuliyaweka katika faili la pili, neno kwa neno. Tanbihi ya tatu ilisema kwamba geti la ushuru la kata hiyo lilifungwa nusu ya mwezi. Ukiifuta, utamlaumu mtendaji wa kata kwa makusanyo duni ambayo hayakuwa kosa lake, na jambo hilo linaniuma kuliko hesabu.

Wapo wanaopenda kuzidisha kila kitu kwa 1,000 ili kichwa kibaki "shilingi" tu. Mimi sipendi. Aliyechapisha 612 alikadiria hadi elfu iliyo karibu. Ukiandika 612000, msomaji ataamini kwamba zilihesabiwa shilingi 612,000 kamili, wakati huenda zilikuwa 611,700.

Tatizo hili halikomei kwenye ushuru. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, kama Njombe ulivyotoka Iringa mwaka 2012. Jedwali la mazao linalovuka miaka hiyo huhitaji alama inayosema ni mstari gani bado una Mbozi, Ileje na Momba ndani ya Mbeya. Bila alama hiyo, anayechora grafu ataona kahawa ya Mbeya imeporomoka ghafla, naye atatafuta ugonjwa wa mibuni au ukame, ilhali mibuni ya Mbozi ipo pale pale ilipokuwa, ila sasa inahesabiwa Songwe.