Sahihi ya mkurugenzi mmoja na kiwanja cha Shela

"Kampuni ina wakurugenzi watatu. Mmoja akinisainia mauzo ya kiwanja mbele ya shahidi, si yatosha?"

Kwa umbo la hati, yatosha. Sheria ya Makampuni ya Kenya ya 2015 inaruhusu hati ya kampuni isainiwe na wawili wenye idhini, yaani wakurugenzi au katibu, au na mkurugenzi mmoja mbele ya shahidi. Lakini kusaini sawasawa ni jambo moja, na kuwa na mamlaka ya kuuza ni jambo jingine.

Mnunuzi ana hoja nzuri. Kifungu cha 33 cha sheria hiyo kinamlinda anayeshughulika na kampuni kwa nia njema: mipaka iliyomo kwenye katiba ya kampuni haimfungi, wala halazimiki kuichungua. Tangu kesi ya Turquand ya Uingereza ya 1856, mtu wa nje anaruhusiwa kuamini kwamba taratibu za ndani zimefuatwa.

Sasa tazama upande wa bodi, ambayo ikikataa mauzo huitwa matapeli. Tuseme kampuni yenye hoteli Shela, Lamu, inamiliki kiwanja cha shilingi milioni 6. Mkurugenzi mtendaji anasaini mauzo peke yake na kupokea arubuni ya laki 6 kwenye simu yake. Wenzake wawili hawana habari. Kifungu cha 33 kinazungumzia uwezo wa wakurugenzi, na uwezo huo kwa kawaida ni wa bodi. Mmoja wao huifunga kampuni pale tu kampuni yenyewe ilipompa mamlaka, au ilipomwacha aonekane anayo. Maneno yake mwenyewe kwamba "bodi imekubali" hayahesabiki. Mtendaji wa hoteli anaaminika kuagiza samaki, dizeli na vitanda. Kuuza ardhi si kazi ya kila siku. Na ile laki 6 iliyoingia kwenye simu ya mtu badala ya akaunti ya kampuni inaitia dosari nia njema ya mnunuzi mwenyewe. Mimi sioni utapeli wa wale wawili uko wapi.

Hali ingegeuka kama arubuni ingeingia benki kwa jina la kampuni, nao wakaijua na kuitumia. Hapo wangeonekana wameyaridhia mauzo. Vinginevyo mnunuzi hubaki kumdai aliyesaini, ambaye huenda pesa keshazila.

Kinga ya mnunuzi ni karatasi mbili. Hati ya CR12 kutoka kwa msajili wa makampuni huonyesha wakurugenzi ni nani, ila haisemi nani ameidhinishwa kuuza nini. Hilo linasemwa na azimio la bodi: namba ya kiwanja, bei, jina la mnunuzi, jina la atakayesaini, waliohudhuria, na tarehe iliyotangulia mkataba. Nakala ithibitishwe na katibu au mkurugenzi mwingine, asiwe yuleyule muuzaji. Azimio linaloandika tu "auze mali za kampuni" lirudishwe likaandikwe upya.