Barua ya Kuachisha Kazi Iandikwe Mwisho

Katika miaka niliyofanya kazi ya utumishi nimepokea rasimu nyingi za barua za kuachisha kazi kwa utovu mkubwa wa nidhamu, na karibu zote zilikuwa na kasoro ileile: ukali mwingi, tarehe chache. Mwandishi hutumia aya nzima kueleza jinsi uongozi ulivyosikitishwa, kisha akasahau kutaja siku ambayo mfanyakazi alisikilizwa. Kwa maoni yangu masikitiko ya uongozi hayana kazi yoyote katika barua hiyo.

Nitoe mfano wa mtunza ghala mmoja. Alisaini hati ya kupokelea mzigo inayoonyesha kwamba madumu 40 ya mafuta yameingia ghalani, ilhali kitabu cha mlinzi wa getini kilionyesha 28. Tofauti hiyo iligunduliwa tarehe 3. Tarehe 4 alisimamishwa kazi kwa mshahara kamili kupisha uchunguzi, na tarehe 9 akakabidhiwa barua ya tuhuma iliyomshtaki kwa kosa moja, yaani kusaini hati yenye taarifa za uongo huku akijua kwamba ni za uongo. Barua hiyo ilimwita kwenye kikao cha nidhamu cha tarehe 14, ikaambatanishwa na nakala za hati na za kitabu cha getini, na ikamweleza kwamba anaweza kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi.

Rasimu niliyoletewa baada ya kikao ilisema kwamba ameachishwa kazi kwa wizi. Hapo ndipo nilipoirudisha. Huenda aliiba, huenda hakuiba, lakini hakuna aliyemshtaki kwa wizi, na kikaoni hakuulizwa madumu 12 yalikwenda wapi. Mtu akiitwa ajitetee juu ya jambo moja kisha akafukuzwa kwa jambo jingine, kwa hilo la pili hakusikilizwa kabisa. Mkataba Namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unataka mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea dhidi ya tuhuma zenyewe kabla ajira yake haijasitishwa kwa sababu ya mwenendo wake, na unaruhusu mwajiri asitarajiwe kufanya hivyo pale tu ambapo haiwezekani kwa hali ya kawaida. Kuwa na hasira si hali ya namna hiyo.

Aya ya msingi tukaiandika upya hivi: “Tarehe 9 ulikabidhiwa barua ya tuhuma. Tarehe 14 ulihudhuria kikao ukiwa na mwenzako uliyemchagua. Ulijitetea kwamba ulisaini bila kuhesabu kwa kuwa dereva alikuwa na haraka. Kamati haikuukubali utetezi huo kwa sababu kwenye daftari lako la ghala uliandika 28 siku hiyohiyo.” Sentensi ya tatu ndiyo ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo ambayo mameneja hupenda kuifuta. Utetezi ukiandikwa, hata ukikataliwa, msomaji yeyote wa baadaye anaona kwamba ulisikika na anajua kwa nini haukutosha. Daftari lile, kwa njia, lilisomwa mbele yake kikaoni. Lingeibuliwa baadaye, tusingeweza kulitaja.

Kuna mkanganyiko kuhusu neno notisi. Mkataba huohuo unampa mfanyakazi anayeachishwa haki ya kupewa notisi ya muda unaofaa au malipo badala yake, isipokuwa kosa lake liwe zito kiasi kwamba si haki kumtaka mwajiri aendelee naye katika kipindi hicho. Wengi husoma msamaha huo wakadhani umefuta na notisi ya kikao. Haujaifuta. Notisi ya kikao ndiyo inayompa mtu muda wa kusoma vielelezo na kutafuta msaidizi, na barua ya mwisho isipoweza kutaja tarehe yake, mimi singeisaini.

Yaliyobaki ni mafupi: tarehe ya mwisho ya ajira, mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo aliyokwisha kuistahili, mali ya kurudisha, na jina la cheo cha atakayepokea rufaa pamoja na siku ya mwisho ya kuikata. Anayepokea rufaa asiwe mmoja wa waliokaa kwenye kamati.

Siku ya kukabidhiwa, mtunza ghala alikataa kusaini nakala yetu. Hatukumshurutisha. Alisomewa barua mbele ya shahidi, akaachiwa nakala yake mezani, na shahidi akaandika chini ya nakala iliyobaki: “Amesomewa, amekataa kusaini, saa 9:40 alasiri,” akaweka saini yake na tarehe.