Mrututu hauponyi kidonda cha kwato, kausheni sakafu kwanza

Kila masika hapa Kisauni nasikia stori ile ile, ng'ombe anachechemea, mwenyewe anakimbia dukani kununua mrututu, ile chumvi ya shaba, anakoroga maji ya bluu kwa beseni, ng'ombe anakanyagishwa wiki nzima halafu bado anachechemea, basi watu wanasema dawa feki. Dawa si feki jamani, imewekwa mahali si pake.

Mwaka jana nilileta ng'ombe mmoja wa kununua, chotara wa Jezi, nikamchanganya na wale wangu watano siku hiyo hiyo bila hata kumuinua mguu nimwangalie. Mwezi haujaisha, mmoja wangu akaanza kusimama kwa ncha za kwato za nyuma, wakati wa kukama anainua mguu huu, anashusha, anainua ule. Mimi nikadhani ni kuoza kwato kwa kawaida. Daktari wa mifugo alipokuja akaniambia, "Kaka, hebu mwagia maji hapo nyuma ya kisigino." Nikamwagia kwa mpira, ng'ombe akarusha mguu kwa maumivu, na matope yalipotoka tukaona kidonda chekundu kama nyama mbichi, upana wa shilingi kubwa hivi, kipo pale kati ya visigino viwili juu tu ya kwato, nywele za pembeni zimesimama na kinanuka. Kuoza kwato mguu huvimba juu ya kwato pande zote na ng'ombe anaweza kupata homa, huyu hakuwa amevimba. Ilikuwa daijito damataitisi, ugonjwa ulioelezwa mara ya kwanza Italia mwaka 1974, na bakteria wake wakuu ni treponema, wanapenda ngozi iliyolowa kinyesi na mkojo muda mrefu. Sasa fikiria banda la Mombasa mwezi wa tano.

Dawa yake ni ya kupaka pale pale. Unaosha, unakausha kwa kitambaa safi (hapa ndipo wengi wanaharakisha), unapulizia spre ya oksitetrasaiklini, unaacha ikauke, unapulizia tena, halafu ng'ombe asimame pakavu kama nusu saa. Tulirudia siku tatu, na maziwa tukafuata siku zilizoandikwa kwenye kopo. Sindano kwa ugonjwa huu kwa kawaida haisaidii, ni pesa inatupwa na maziwa yanamwagwa bure.

Kwato nazo zilikuwa ndefu. Ncha ikirefuka kisigino kinalala chini, yaani kinakaa ndani ya tope kabisa. Kwa ng'ombe wa ukubwa wa kawaida ukuta wa mbele huachwa kama sentimita 7.5, Jezi hupungua kidogo, na wayo usikwanguliwe hadi ubonyee kwa kidole gumba, hapo umeshaharibu. Fundi wa kukata kwato aliyekuja mwanzo alipita banda kwa banda na kisu kile kile bila kukiosha, na mimi siku hizi hakianzi kazi kwangu mpaka kisuguliwe na kutiwa dawa, ng'ombe baada ya ng'ombe, mana bakteria hawa wanasafiri na kisu.

Ndio tuje kwa mrututu. Kazi yake ni kuzuia kwa kwato zisizo na kidonda kibichi, si kuponya. Na hesabu yake iangalieni: bafu zuri la kupitia lina urefu wa mita 3, upana sentimita 60, kina sentimita 10, hayo ni lita 180, na kwa asilimia 5 unahitaji kilo 9. Kwa ng'ombe sita! Halafu wakinya humo, kinyesi kinaila nguvu ile dawa na umebaki na maji machafu ya bluu. Kwa sisi wafugaji wadogo naona bora kuosha visigino kwa maji wakati wa kukama, visubiri vikauke, kisha kupuliza mrututu kwa pampu ya mgongoni, lita chache zinatosha.

Lakini kilichonibadilishia banda hasa ni sakafu. Nilirudia kuchapia saruji ishuke sentimita 2 hadi 3 kila mita kuelekea mfereji, nikarefusha paa upande wa upepo wa kusi, na pale wanapolala nikatandika makumbi ya nazi yaliyopondwa chini, juu yake unga wa mbao wa mafundi seremala, mkavu kabisa, ule wa mbichi unakaa na maji. Asubuhi na jioni naondoa palipolowa. Naupima hivi: napiga magoti juu yake kidogo, suruali ikitoka na maji basi ng'ombe naye amelala majini.

Yule ng'ombe alitembea vizuri ndani ya wiki, ila ngozi yake pale imebaki nene, na kwenye ngozi kama hiyo bakteria hujificha, kwa hiyo kila wiki namwagia maji na kumchungulia. Na maji ya mrututu yaliyobaki simwagi kwenye majani ya nepia, shaba inajilimbikiza kwenye udongo, na kondoo wa jirani wakiyanywa wanaweza kufa.