Juri na wazee wa baraza

"Kwa nini nasi tusiwe na juri kama Marekani?"

Ndugu, juri, yaani raia wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, ina nguvu moja: uamuzi wake kwa kawaida unamfunga jaji. Wazee wa baraza tuliowazoea Mahakama Kuu, hata hapa Dodoma, ni raia waliokaa na jaji kusikiliza kesi, nao walitoa maoni tu. Jaji angeweza kuyakataa, ila aeleze sababu. Hapo ndipo nawapendelea wao, maana juri husema "ana hatia" bila sababu, na wakili wa rufaa anabaki kupapasa.

Ila tuliumia. Mzee akimbana shahidi kwa maswali ya dodoso badala ya kuuliza ufafanuzi, Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu za mauaji, kesi ikaanza upya na mashahidi wengine wameshafariki. Tangu 2022 kuwaita ni hiari ya mahakama. Mimi ningewabakiza kwenye kesi zenye mila ndani yake.